Mteja akihama mji, akibadili kazi au namba: jinsi ya kuunganisha taarifa zinazogongana

Tuchukue duka la sare na viatu vya kazi pale Kariakoo. Linauza kwa WhatsApp, linapakia mzigo kwenye basi, mteja anaupokea stendi ya mkoani kwake. Kwa kila mteja duka linatunza mambo matatu yanayolisaidia kila siku: mji, ili lijue basi na nauli ya mzigo, kazi, ili lijue limwoneshe sare gani, na namba ya simu. Mfumo wenyewe ni programu ndogo yenye hifadhidata ya SQLite. Huu ni mfano nilioutunga, ila yeyote aliyewahi kutunza orodha ya wateja atayatambua yaliyomo.

Tarehe 9 Juni 2025 inaingia meseji hii kutoka namba ambayo duka halijawahi kuiona:

"Habari za kazi kaka. Ni mimi yule nesi wa Morogoro. Nilipata uhamisho, nipo Mwanza tangu Aprili. Namba yangu ni hii sasa, ile ya mwanzo anatumia mume wangu. Nataka vile viatu vyeupe namba 39."

Kwenye kumbukumbu, mteja 318 yuko Morogoro, ni muuguzi wa hospitali ya mkoa, na namba yake inaishia 412. Tena kuna oda ya tarehe 20 Mei 2025 iliyotumwa Morogoro, yaani baada ya hiyo Aprili anayosema alihama. Wengi hapa wangeandika `UPDATE wateja SET mji = 'Mwanza' WHERE id = 318`, wakabadili na namba, wakaendelea na kazi. Baada ya hapo hakuna awezaye kueleza kwa nini mzigo wa Mei ulikwenda Morogoro. Na kama meseji ilitoka kwa mtu mwingine, namba ya zamani ya kumtafutia mwenye akaunti imeshafutika.

Njia ninayoieleza hapa inategemea jambo moja. Kabla ya kuamua taarifa ipi ishinde, uliza kama kweli zinagombana. Mara nyingi utakuta hazigombani, au zinagombana kwa namna isiyotatuliwa kwa kuchagua mpya na kutupa kuukuu.

Hatua ya 1: Acha kuandika juu ya kilichopo

Badala ya kuwa na safu moja ya mji kwenye jedwali la wateja, weka kila taarifa kwenye mstari wake, na mstari ubebe historia yake:

```sql
CREATE TABLE taarifa (
  id         INTEGER PRIMARY KEY,
  mteja_id   INTEGER NOT NULL,
  aina       TEXT NOT NULL,   -- mji, fani, kituo, simu
  thamani    TEXT NOT NULL,
  jukumu     TEXT,            -- kwa simu: meseji, malipo
  chanzo     TEXT NOT NULL,   -- mteja, muuzaji, oda
  maneno     TEXT,            -- alivyosema mwenyewe
  kuanzia    TEXT,
  hadi       TEXT,
  hali       TEXT NOT NULL,   -- imekubaliwa, inasubiri, batili
  iliandikwa TEXT NOT NULL,
  badala_ya  INTEGER
);
```

Safu mbili za tarehe ndizo watu huzichanganya. `kuanzia` ni siku ambayo jambo lilianza kuwa kweli huko duniani. `iliandikwa` ni siku ambayo duka lilipata habari. Kwa mteja wetu, kuhamia Mwanza kulianza Aprili, lakini duka limejua tarehe 9 Juni. Ukiwa na tarehe moja tu, lazima moja kati ya hayo mawili upotoshe.

Nimeweka tarehe kama maandishi kwa makusudi. Mteja akisema "tangu Aprili", andika `2025-04` na uishie hapo. Usimtungie siku ya kwanza ya mwezi ambayo hakuitaja. Mpangilio wa mwaka-mwezi-siku hupangika sawasawa hata urefu ukitofautiana, kwa hiyo `2025-04` itakaa mbele ya `2025-04-15` bila shida. Kwa pwani kuna jambo la kuangalia zaidi: mteja wa Tanga au Zanzibar akikwambia atahama mfungo tatu, anazungumzia mwezi wa Kiislamu, Dhulhija, wala si Machi. Muulize tarehe.

Safu ya `maneno` ni ya lazima kwangu ingawa hifadhidata haiidai. Mwaka ukipita, thamani "Mwanza" haitakwambia kama mteja alisema anahamia, anatembelea au anafikiria. Maneno yake yatakwambia. Nakili sentensi inayohusika tu, si mazungumzo yote.

Hatua ya 2: Sawazisha majina kabla ya kusema kuna mgongano

Migongano mingi ya miji ni ya tahajia na ya ukubwa wa eneo. "Dar", "Dsm" na "Dar es Salaam" ni kitu kimoja. "Mbagala" haipingani na "Dar es Salaam", kwa sababu Mbagala imo ndani yake. Mteja ameongeza undani tu. Hivyo hivyo Moshi na Kilimanjaro, au Ilemela na Mwanza. Unahitaji orodha ndogo ya maeneo inayosema kila eneo limo ndani ya lipi, na kanuni moja: taarifa mpya ikiwa ndani ya ile ya zamani, hifadhi ile yenye undani zaidi na usihesabu kwamba mtu amehama.

Mipaka nayo huhama wakati watu wametulia. Mteja wa Tunduma aliyeandikishwa zamani kama wa Mbeya, leo akijaza fomu atachagua Songwe, kwa kuwa mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hajasogea hata hatua. Ni sawa na mtu wa Makambako aliyekuwa Iringa kwenye karatasi hadi Njombe ilipokuwa mkoa mwaka 2012. Kwa hiyo linganisha miji kwanza, mikoa baadaye. Na pale jina moja lina sehemu mbili, kama Mbezi ya ufukweni na Mbezi ya Kimara, mfumo usikisie, muuzaji aulize.

Namba za simu zinasawazishwa kwa urahisi zaidi. Ondoa nafasi na vistari, badili sifuri ya mwanzo kuwa `+255`, na hakikisha baada ya hapo kuna tarakimu tisa. Fanya hivyo wakati wa kuingiza, si wakati wa kutafuta, la sivyo mteja mmoja ataonekana ana namba tatu ambazo ni ile ile. Usitumie tarakimu za mwanzo kujua mteja yuko mtandao gani wala kuona kwamba "amebadili laini": tangu mwaka 2017 mtu anaweza kuhama mtandao Tanzania na kubaki na namba yake.

Hatua ya 3: Amua ni mgongano wa aina gani

Hapa ndipo kazi ilipo. Habari mpya isiyofanana na ya zamani inaweza kuwa moja ya mambo manne, na kila moja lina matibabu yake.

Kwanza ni *mabadiliko*. Zamani ilikuwa kweli, sasa imekwisha. Alikuwa Morogoro, akahama. Mstari wa zamani unafungwa kwa kujaza `hadi`, na mpya unafunguliwa. Wa zamani unabaki `imekubaliwa`, kwa sababu ulikuwa kweli kwa kipindi chake.

Pili ni *masahihisho*. Zamani haikuwahi kuwa kweli. Muuzaji alisikia "Masasi" akaandika "Makasi", au alimwandikia mteja mji wa rafiki yake waliyekuja naye dukani. Mstari wa zamani unapewa hali `batili`, wala haujazwi `hadi`, kwa kuwa hakuna siku ulipokwisha. Mstari mpya unataja namba ya uliobatilishwa kwenye `badala_ya`. Ukichanganya masahihisho na mabadiliko, utapata ripoti za wateja waliohama miji ambayo hawajawahi kuikanyaga.

Tatu ni *nyongeza*. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja. Muuguzi anayeuza vitenge jioni hajaacha uuguzi. Mtu mwenye laini mbili hajabadili namba.

Nne ni *ya muda*. Ni kweli leo, lakini haigusi taarifa ya kudumu. "Nipo Dodoma mpaka Ijumaa, nitumie huku." Hiyo ni ya oda moja. Iandike kwenye oda, na jedwali la taarifa liache lilivyo.

Utajuaje ni ipi? Usitegemee neno moja. Kuna waliojaribu kuweka kanuni kwamba "nipo" ni ya muda na "nimehamia" ni ya kudumu. Rudi kwenye meseji ya nesi: amesema "nipo Mwanza", na bado amehama kabisa. Kinachoamua ni vitu viwili alivyoambatanisha, yaani sababu (uhamisho) na mwanzo (tangu Aprili). Mtu anayetembea husema ataondoka lini. Aliyehama husema alifika lini. Meseji isiyo na mwisho, mwanzo wala sababu, kama "nipo Arusha saa hizi", ichukue kama ya muda. Ukikosea hapo hasara ni swali moja zaidi siku ya oda inayofuata, wakati ukikosea upande wa pili mzigo unakwenda stendi ambayo hayupo.

Kila aina ya taarifa ina mwelekeo wake pia. Mji wa makazi mara nyingi ni mmoja, kwa hiyo mji mpya uliothibitika hufunga wa zamani. Simu kwa kawaida ni zaidi ya moja, kwa hiyo namba mpya peke yake haifungi chochote mpaka mteja aseme ile nyingine haitumii.

Kazi ni tabu kidogo kwa sababu ndani ya neno hilo mmejificha mambo mawili: fani na kituo. Ndiyo maana kwenye jedwali nimeyatenganisha. Aliyepata uhamisho amebadili kituo, fani iko pale pale, na kwa duka la sare fani ndiyo inayohitajika. Ukiwa na safu moja tu ya kazi yenye "muuguzi, hospitali ya mkoa Morogoro", kila uhamisho utaonekana kama kazi mpya. Kumbuka pia kwamba "nimeacha kazi" na "nimestaafu" ni majibu kamili. Funga mstari wa zamani na usiweke kitu badala yake. Mifumo mingi haina njia ya kupokea jibu tupu, ikaendelea kumtumia mstaafu matangazo ya sare mpya.

Hatua ya 4: Pima nani kasema, na kuhusu lini

Mpya haishindi kwa kuwa mpya. Tazama oda ya 20 Mei iliyokwenda Morogoro. Kwa tarehe ni baada ya Aprili, na mfumo unaofuata tarehe ya mwisho ungesema mteja yuko Morogoro. Lakini oda haisemi mtu anakaa wapi, inasema mzigo ulikwenda wapi. Huenda alimnunulia mdogo wake, au alikuwa hajamaliza kuhamisha vitu. Chanzo chake ni dhaifu kuliko kauli ya mwenyewe.

Mimi napanga vyanzo kwa ngazi tatu tu: alichosema mteja mwenyewe kuhusu nafsi yake, alichoandika muuzaji baada ya kuongea naye, na kilichokisiwa kutokana na oda au malipo. Cha ngazi ya chini hakifungi cha ngazi ya juu, hata kikija baadaye. Kinaweza kuzua swali tu. Wapo wanaopendelea kuweka alama za uhakika, 0.7 hapa, 0.85 pale. Sijawahi kukutana na aliyeweza kunieleza 0.7 yake ilitoka wapi, na muuzaji anayesoma kumbukumbu saa mbili asubuhi hawezi kuitumia.

Vyanzo vikilingana ngazi, linganisha `kuanzia`, si `iliandikwa`. Hili hujitokeza wakati daftari la karatasi linaingizwa kwenye kompyuta. Kauli ya mteja ya Januari iliyoingizwa Machi ina `iliandikwa` ya Machi, lakini inazungumzia Januari, na haipaswi kuifunga kauli yake ya Februari. Ingiza mstari wa Januari kama historia, ukiwa tayari umefungwa pale wa Februari unapoanza.

Hatua ya 5: Fanya mabadiliko kwa mkupuo mmoja

Kwanza iambie hifadhidata yenyewe ikatae miji miwili iliyo hai kwa mteja mmoja. Kanuni ikikaa ndani ya programu tu, siku moja mtu ataingiza kitu kwa mkono na kuikiuka.

```sql
CREATE UNIQUE INDEX mji_mmoja ON taarifa (mteja_id)
WHERE aina = 'mji' AND hali = 'imekubaliwa' AND hadi IS NULL;
```

Kisha funga na fungua ndani ya muamala mmoja:

```sql
BEGIN;
UPDATE taarifa SET hadi = '2025-04'
WHERE mteja_id = 318 AND aina = 'mji'
  AND hali = 'imekubaliwa' AND hadi IS NULL;

INSERT INTO taarifa
  (mteja_id, aina, thamani, chanzo, maneno,
   kuanzia, hali, iliandikwa)
VALUES
  (318, 'mji', 'Mwanza', 'mteja',
   'Nilipata uhamisho, nipo Mwanza tangu Aprili',
   '2025-04', 'imekubaliwa', '2025-06-09');
COMMIT;
```

Mpangilio una maana. Ukiingiza kabla ya kufunga, faharasa uliyoweka itakataa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Na umeme ukikatika katikati, hakuna kilichofanyika nusu: mteja ama bado yuko Morogoro ama tayari yuko Mwanza. Mstari wa zamani unaishia pale pale mpya unapoanzia, usiache pengo la mwezi katikati.

Sasa maswali mawili yana majibu. Anakaa wapi? Mwanza, mstari ambao `hadi` yake ni tupu. Na je, duka lilikosea kutuma Morogoro tarehe 20 Mei? Hapana: mstari wa Mwanza uliandikwa tarehe 9 Juni, hivyo siku ile duka lilijua Morogoro peke yake. Mteja akilalamika nauli ya mzigo, mnazungumza mkiwa na ushahidi.

Muamala huu lakini hauendeshwi meseji inapoingia tu. Kwanza lazima ujue aliyeandika ni mteja 318 kweli, na hilo linatupeleka kwenye simu.

Hatua ya 6: Namba ya simu ina sheria yake

Mji ukikosewa, mzigo unapotea njia. Namba ikikosewa, umemkabidhi mtu mwingine akaunti. Kwa hiyo meseji ya "namba yangu ni hii sasa" inayotoka kwenye namba hiyo hiyo mpya haijathibitisha kitu, kwani yeyote anaweza kuiandika. Habari zote zilizomo kwenye meseji hiyo, pamoja na mji, zinaingia kwanza kwa hali ya `inasubiri`. Faharasa ya mji haitagoma, kwa sababu inahesabu zilizokubaliwa tu.

Njia ya kawaida ya kuthibitisha ni kuuliza kupitia namba ya zamani. Hapa njia hiyo imepata kikwazo, maana namba inayoishia 412 sasa inashikwa na mume. Akijibu "ndiyo", unajua mwenye simu amekubali, basi. Zaidi ya hayo, duka halina ruhusa ya kumwelezea mume alichonunua mkewe. Ukilazimika kuandika kule, andika tu: "Tumepokea ombi la kubadili namba ya mawasiliano. Kama hukuliomba, tujulishe." Usitaje jina, oda wala deni.

Ushahidi mzuri zaidi ni kumuuliza anayejitambulisha jambo ambalo mteja halisi analijua na ambalo hukulitaja wewe. "Mara ya mwisho ulichukua rangi gani, na ulipokea kwa basi au ulikuja dukani?" Tazama namna swali lilivyo: halina jibu ndani yake. Muuzaji anayeuliza "wewe ndiye uliyechukua sare ya bluu?" amekwisha kumpa tapeli jibu. Hata namba 39 ya kiatu haihesabiki kuwa ushahidi hapa, maana viatu vinaweza kuwa ni vya mtu yeyote.

Jina linalojitokeza wakati wa kutuma pesa kwa simu nalo husaidia kwa kiasi. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo jina si la kubuni. Ila laini nyingi za kina mama zimesajiliwa kwa jina la mume, kaka au mtoto, na kutofanana kwa jina si hoja ya kumkatalia mtu. Likifanana, ni msaada. Lisipofanana, bado hujajua lolote.

Wakati namba inasubiri, mhudumie kama mteja mpya. Ajibiwe bei, aletewe picha, akitaka alipe kabla na apokee viatu vyake Mwanza. Hilo halimwumizi mtu. Asichopewa ni historia ya oda, salio la mkopo, wala kubadili namba ya kurudishiwa pesa. Hiyo namba ya kurudishiwa ndiyo wezi wanayoifuata, na ndiyo maana kwenye jedwali simu ina `jukumu`. Mtu anaweza kubadili namba ya meseji leo na ya malipo ikabaki ya zamani mpaka aithibitishe peke yake.

Akishathibitika, endesha muamala wa mji, ila kwa kuwa mstari wa Mwanza tayari upo ukisubiri, badala ya `INSERT` ubadili `hali` yake iwe `imekubaliwa`, kisha namba mpya iwe `imekubaliwa` na ile ya 412 ifungwe kwa mteja 318. Ifungwe kweli. Usiiache kama namba ya akiba ya kujaribu pale mpya isipopatikana. Laini isiyotumika kwa muda hurudishwa na mtandao na kuuzwa kwa mtu mwingine, na meseji ya "mzigo wako wa sare upo stendi" itamfikia mgeni. Kwa nesi wetu mgeni huyo ni mume, jambo ambalo watu huliona dogo hadi siku linapokuwa kubwa.

Hatua ya 7: Angalia taarifa zilizoegemea ile iliyobadilika

Mji ukibadilika, kituo cha kazi kinaingia mashakani. Usikifunge kwa kukisia, kwani wapo wanaokaa Kibaha na kufanya kazi Dar es Salaam kila siku. Weka alama ya kuuliza, na muuzaji aulize katika mazungumzo yajayo. Kwa mteja 318 jibu tayari lipo: amesema uhamisho, kwa hiyo kituo cha Morogoro kinafungwa Aprili, kituo kipya hakijulikani, na fani ya uuguzi haiguswi.

Oda iliyoko njiani haiguswi kabisa. Kila oda ibebe nakala yake ya mji na namba ya mpokeaji, iliyochukuliwa siku ya kuagiza. Kama oda inausoma mji kutoka kwenye taarifa za mteja kila inapofunguliwa, mzigo ulioko ndani ya basi la Morogoro utajionesha kwenye skrini kuwa unakwenda Mwanza, na watu wa stendi watasumbuana bure.

Hatua ya 8: Tafuta dalili kwamba unaunganisha vibaya

Dalili mbili zinatosha kuangaliwa kila mwezi. Ya kwanza ni mteja anayeonekana kuhama na kurudi mji ule ule ndani ya wiki chache. Watu hawahami hivyo. Ukiwakuta wengi, kauli za muda zinaandikwa kama mabadiliko, na dawa iko kwenye hatua ya 3. Soma `maneno` ya mistari kumi hivi, utaona muuzaji yupi au kanuni ipi inakosea.

Ya pili ni namba moja kuwa hai kwa wateja wawili:

```sql
SELECT thamani, COUNT(DISTINCT mteja_id) AS wateja
FROM taarifa
WHERE aina = 'simu' AND hali = 'imekubaliwa'
  AND hadi IS NULL
GROUP BY thamani
HAVING wateja > 1;
```

Ukipata majibu, zuia mkono wako usiunganishe akaunti hizo mbili. Namba moja kwa watu wawili huwa na maelezo matatu: ni mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili, ni wanafamilia wanaotumia simu moja, au laini imeuzwa upya na wa zamani hakufungwa. Ni la kwanza peke yake linaloruhusu kuunganisha. Mume wa nesi akija kesho kununua buti za kazi kwa namba inayoishia 412, mfumo unaomtambua mteja kwa simu utamfungulia akaunti ya mkewe pamoja na historia yote. Mteja atambulike kwa namba yake ya ndani, 318. Mume apewe yake, na namba ya 412 ifunguliwe mstari mpya chini ya jina lake, `kuanzia` ikiwa siku aliyojitambulisha.

Historia yote hii nayo ina ukomo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, kama ile ya Kenya ya 2019, inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zirekebishwe, na inakutaka usizishike kupita haja yake. Mji wa zamani una kazi mpaka madai ya oda na nauli yaishe. Namba iliyofungwa ina kazi muda mfupi zaidi, kwa kumtambua mwenye akaunti akipoteza ile mpya. Panga muda kwa kila aina, tuseme miezi sita kwa namba na mwaka kwa miji, kisha weka kazi ya kila usiku inayofuta mistari ambayo `hadi` yake imepita muda huo. Mistari `batili` ifutwe mapema kuliko yote, kwa kuwa haikumhusu mteja huyo tangu mwanzo.